Nyumba Yake ni ya Nani? Uhakiki wa Uandishi wa Sheria Usiobagua Jinsia

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna jambo moja tunalopenda kujivunia mbele ya wenzetu wanaosoma Kiingereza. Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya sheria zetu hapa Uganda, humlazimisha mwandishi achague kati ya kiwakilishi cha kiume na kiwakilishi cha kike kila anapomrejelea mtu mmoja aliyekwisha kutajwa. Kiswahili hakimlazimishi. Tukisema "amefika", hatujasema kama ni mwanamume au mwanamke, na hakuna anayeona kuwa sentensi imepungukiwa. Kutokana na hali hiyo, imezuka hoja ninayoisikia mara kwa mara katika semina zetu, kwamba sheria zikiandikwa kwa Kiswahili, ubaguzi wa kijinsia katika maneno yake utaondoka wenyewe.

Katika makala haya ninaipinga hoja hiyo. Ninakubali kuwa viambishi vya nafsi vya Kiswahili havibagui jinsia. Ninachodai ni kwamba viambishi hivyo vina gharama yake, na gharama hiyo ni utata wa urejeleo. Sheria inapoondoa maneno ya kiume na ya kike bila kupanga upya nani anarejelewa wapi, msomaji huachwa akisie. Anapokisia, hukisia kwa kufuata desturi, na mara nyingi desturi ndiyo iliyokuwa na ubaguzi tangu mwanzo. Hivyo basi, kifungu chenye utata hakiwezi kuitwa kifungu kisichobagua jinsia. Nitalionyesha hilo kwa kutumia mfano wa sheria ya mirathi, kwa kuwa hapo ndipo neno dogo kama "yake" linapoweza kumtoa mtu nyumbani.

Jinsia kama alama ya utambulisho

Ni vizuri kuanza na sababu iliyowafanya waandishi wa sheria wa Kiingereza waanze kuandika upya. Kwa muda mrefu waliandika kwa kiwakilishi cha kiume na kutegemea kanuni ya jumla kwamba neno la kiume linamjumuisha mwanamke pia. Bunge la Uingereza liliiweka kanuni hiyo katika sheria mwaka 1850, na baadaye ikaingia katika sheria za tafsiri za makoloni mengi, zikiwemo nchi zetu. Lakini kanuni hiyo haikutosha. Wanawake wa Manchester walipoomba kuandikishwa kuwa wapiga kura, wakitegemea kwamba neno "mwanamume" katika sheria ya uchaguzi ya mwaka 1867 linawajumuisha, mahakama iliwakatalia katika shauri la Chorlton dhidi ya Lings la mwaka 1868. Neno la kiume lilimjumuisha mwanamke pale tu msomaji mwenye mamlaka alipotaka limjumuishe.

Hapa kwetu, mfano ulio karibu ni Sheria ya Mirathi. Kifungu chake cha zamani cha 27 kilieleza jinsi ya kugawa mali ya mwanamume aliyekufa bila wosia. Wake walipewa asilimia 15, wategemezi asilimia 9, wazao asilimia 75 na mrithi wa kimila asilimia 1. Hakukuwa na kifungu cha namna hiyo kwa mwanamke aliyekufa bila wosia, kana kwamba mwanamke hawezi kufa akiwa na mali. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilikibatilisha kifungu hicho pamoja na vingine vilivyofanana nacho. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliweka utaratibu mpya ambao haujali marehemu ni wa jinsia gani: mwenzi wa ndoa aliyebaki hupata asilimia 20, wategemezi asilimia 4, wazao asilimia 75 na mrithi wa kimila asilimia 1.

Mabadiliko hayo yalikuwa ya haki. Hata hivyo, mhakiki wa lugha ana jambo la kuongeza. Katika sheria ya zamani, jinsia ilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ilikuwa kubagua. Kazi ya pili, ambayo haikuonekana kwa urahisi, ilikuwa kutambulisha. Marehemu alikuwa daima mwanamume na mjane alikuwa daima mwanamke, kwa hiyo kila kiwakilishi cha kiume kilimrejelea marehemu na kila cha kike kilimrejelea mjane. Mtu aliposoma kwa Kiingereza juu ya nyumba "yake" ya kiume, alijua ni nyumba ya marehemu bila kusita. Tunapouondoa ubaguzi, tunaiondoa na alama hiyo. Mwandishi anayeondoa alama moja bila kuweka nyingine mahali pake amefanya nusu ya kazi.

Jinsia ya Kiswahili imejificha wapi

Kabla ya kuuangalia mfano wenyewe, inafaa tukumbuke kwamba Kiswahili nacho kina jinsia, ila hakikuiweka katika viwakilishi. Kimeiweka katika nomino na katika vitenzi vichache. Tunasema "mume" na "mke", na tunasema mwanamume "anaoa" lakini mwanamke "anaolewa". Kitenzi ni kimoja, ila kauli ya kutendwa imegeuka kuwa alama ya mwanamke. Neno "mjane" nalo kwa kawaida humpeleka msomaji kwa mwanamke aliyefiwa na mumewe. Kwa mwanamume lipo neno "mgane", lakini ni wachache wanaolitumia katika mazungumzo.

Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili anayetaka kifungu kisichobagua jinsia atabadilisha maneno haya. Badala ya "mume" na "mke" ataandika "mwenzi wa ndoa", na badala ya "aolewe" ataandika "afunge ndoa". Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu maneno haya ndiyo yaliyokuwa yakitusaidia kujua "a-" ni nani. Katika sentensi "mume akifa, mkewe atakaa mpaka aolewe", hakuna anayeuliza nani ataolewa. Kitenzi chenyewe kimekwisha kujibu.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba upatanisho wa ngeli ndio chombo chetu kikuu cha kuzuia utata. Tukisema "msimamizi aliichukua hati, ikapotea", hakuna shaka kuwa kilichopotea ni hati, kwa sababu "i-" haiwezi kumrejelea msimamizi. Ngeli hutenganisha vitu na vitu, na watu na vitu. Lakini watu wote wako katika ngeli moja, ya A-WA, pamoja na wanyama. Hata sentensi fupi kama "mrithi akimchukua ng'ombe kisha akafa" inamwacha msomaji akiuliza aliyekufa ni mrithi au ni ng'ombe. Sheria ya mirathi imejaa watu: marehemu, mwenzi, mtoto, mtegemezi, msimamizi. Wote ni "a-", wote ni "-m-", na vyote walivyo navyo ni vya "-ake". Hapo ngeli haiwezi kutusaidia.

Kifungu cha mfano

Nimetunga kifungu kifuatacho ili tukichunguze. Si kifungu cha sheria yoyote iliyopo, lakini kinafanana na vingi ambavyo mtafsiri angeviandika akiwa na haraka.

"Mtu akifa bila wosia, mwenzi wake atakaa katika nyumba yake mpaka afunge ndoa nyingine. Msimamizi wa mirathi asipomkabidhi nyumba hiyo ndani ya siku 30 tangu barua za usimamizi kutolewa, atakuwa na haki ya kwenda mahakamani, na gharama zake zitatolewa katika mali yake."

Kifungu hiki hakina neno hata moja la kiume wala la kike. Mtu anayehesabu maneno ya kijinsia angekipa alama zote. Sasa na tukisome tukiwa na swali moja tu: nani?

"Nyumba yake" ni ya nani? Inaweza kuwa ya marehemu, na inaweza kuwa ya mwenzi. Tofauti si ndogo. Ikiwa ni ya mwenzi, basi kifungu hakimpi chochote, maana mtu hahitaji sheria ya mirathi ili akae katika nyumba yake mwenyewe. Tena kinamwambia mwenzi kuwa akifunga ndoa nyingine atapoteza nyumba ambayo ni mali yake. Ikiwa ni ya marehemu, kifungu kinampa mwenzi haki mpya yenye mwisho.

"Atakuwa na haki ya kwenda mahakamani" ni nani? Kwa mpangilio wa sentensi, mtendaji wa mwisho ni msimamizi. Msomaji anayefuata sarufi atasema msimamizi ndiye mwenye haki. Msomaji anayefuata mantiki atasema ni mwenzi, kwa kuwa ndiye aliyenyimwa nyumba. Sarufi na mantiki zinavutana, na mwandishi hakuamua.

"Gharama zake" nazo zina majibu mawili, ama za mwenzi ama za msimamizi. Kisha "mali yake" ina majibu matatu: mali ya marehemu, ya mwenzi au ya msimamizi. Hapa ndipo pesa zilipo. Ikiwa ni mali ya marehemu, watakaolipa ni warithi wote, wakiwemo watoto ambao hawakufanya kosa lolote. Ikiwa ni mali ya msimamizi, atakayelipa ni yule aliyechelewesha. Ikiwa ni mali ya mwenzi, basi haki ya kwenda mahakamani ni haki ya mtu mwenye fedha peke yake.

Tukizidisha majibu mawili, mawili, mawili na matatu, tunapata njia 24 za kukisoma kifungu chenye sentensi mbili. Nyingi kati yake hazina maana na hakuna hakimu atakayezikubali. Lakini mtu anayetaka kumtoa mwenzi nyumbani hahitaji njia zote 24. Anahitaji moja tu inayosomeka.

Hapo ndipo ninapoiona hoja yangu kuu. Ndugu wa marehemu wakikisoma kifungu hiki, "nyumba yake" watailewa vipi? Ikiwa marehemu ni mwanamume, watasema nyumba ni ya marehemu, na mwanamke ni mgeni aliyeachiwa akae kwa muda. Ikiwa marehemu ni mwanamke, wengi watasema nyumba ni ya mume aliyebaki, hata kama ni mke aliyeijenga. Kiambishi ni kilekile, sentensi ni ileile, lakini jibu linabadilika kwa kufuata jinsia ya watu, na mara zote mbili nyumba inaangukia kwa mwanamume. Jinsia tuliyoitoa katika maneno imerudi kupitia msomaji.

Tiba mbili zisizotibu

Waandishi wengi wanapoambiwa waondoe ubaguzi hukimbilia tiba mbili. Ya kwanza ni wingi. Kiingereza cha siku hizi hutumia kiwakilishi cha wingi kwa mtu mmoja ambaye jinsia yake haitajwi. Katika lugha hiyo jambo hilo lina historia ndefu na wasomaji wamelizoea, ingawa hata huko huleta utata pale sentensi inapokuwa na mtu mmoja na kundi kwa pamoja. Mtafsiri akiliingiza katika Kiswahili bila kufikiri, ataandika "mwenzi atakaa katika nyumba yao". Kwa Kiswahili, "nyumba yao" ina maana moja tu iliyo wazi: nyumba ya watu zaidi ya mmoja. Kwa neno hilo dogo mtafsiri amebadilisha umiliki. Nyumba iliyokuwa ya marehemu peke yake imekuwa ya marehemu na mwenzi, jambo ambalo Bunge halikulisema. Katika nchi yenye ndoa za mitala hatari inaongezeka, kwa sababu "yao" inaweza kusomwa kuwa ya wajane wawili au watatu. Wingi katika sheria ya Kiswahili ubaki kwa watu ambao ni wengi kweli.

Tiba ya pili ni kutaja jozi: "mume au mke", "yeye mwanamume au mwanamke", "mjane au mgane". Jozi zina faida moja, kwamba zinamkumbusha msomaji kuwa wanawake na wanaume wote wamo. Lakini haziondoi utata hata kidogo. Sentensi "mtu akifa, mume au mke wake atakaa katika nyumba yake" imerefuka, na swali la nyumba limebaki palepale. Tiba hii inajibu swali la jinsia gani, wakati tatizo letu ni swali la mtu gani. Kwa maoni yangu, kuyachanganya maswali haya mawili ndilo kosa linalojitokeza zaidi katika uandishi wa aina hii.

Tiba zinazofaa

Tiba ya kwanza inayofaa ni ya kawaida sana: kurudia nomino. Badala ya "nyumba yake" tuandike "nyumba ya marehemu". Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inafuata njia hiyo katika lugha yake ya Kiingereza. Ibara ya 137, inayoeleza sifa za mgombea urais, inamtaja "mtu" na kumrudia kwa neno lilelile, bila kutafuta kiwakilishi cha kiume wala cha kike. Inasomeka bila shida.

Kurudia kuna sharti lake. Mwandishi arudie neno lilelile. Shuleni tulifundishwa kuepuka marudio kwa kutafuta visawe, na katika insha ni ushauri mzuri. Katika sheria ni mtego. Kifungu kikianza na "mwenzi", kikaendelea na "mjane", kisha kikamalizia na "mhusika", wakili atauliza kama hao ni watu watatu. Ana haki ya kuuliza, kwa sababu msomaji wa sheria huchukulia kuwa neno jipya linaleta jambo jipya. Maneno kama "mtu huyo" nayo yatumike kwa uangalifu. "Huyo" humrejelea aliyekwisha kutajwa, lakini wakiwa wametajwa wawili haimwambii msomaji ni yupi.

Tiba ya pili ni kumwondoa mtu katika nafasi ya kiima na kuweka kitu cha ngeli nyingine. Hii ndiyo tiba ninayoiona kuwa ya Kiswahili hasa, kwa sababu inatumia ngeli zetu. Badala ya kusema "atakaa mpaka afunge ndoa nyingine", tunaweza kusema "haki hiyo itakoma mwenzi akifunga ndoa nyingine". Sasa "i-" inairejelea haki, "a-" inamrejelea mwenzi, na hakuna mwingine wa kugombea nafasi hizo. Vivyo hivyo "siku hizo zikipita bila nyumba kukabidhiwa" haihitaji mtu kabisa. Tahadhari hapa ni kwamba kauli ya kutendwa isitumike kumficha mwenye wajibu. "Nyumba itakabidhiwa" haitoshi, mpaka pawe na kifungu kingine kinachosema nani ataikabidhi.

Tiba ya tatu ni kuigawa sentensi, ili kila kifungu kidogo kiwe na jambo moja na, inapowezekana, mtendaji mmoja. Nikizitumia tiba zote tatu, kifungu changu kinakuwa hivi:

"(1) Mtu akifa bila wosia, mwenzi wa marehemu ana haki ya kukaa katika nyumba ambayo marehemu aliimiliki na kuishi.

(2) Haki ya mwenzi ya kukaa katika nyumba hiyo itakoma mwenzi akifunga ndoa nyingine.

(3) Msimamizi wa mirathi atamkabidhi mwenzi nyumba hiyo ndani ya siku 30 tangu barua za usimamizi kutolewa.

(4) Siku hizo zikipita bila nyumba kukabidhiwa, mwenzi anaweza kwenda mahakamani.

(5) Gharama za mwenzi katika shauri hilo zitatolewa katika mali ya msimamizi."

Kimelo "-ake" hakimo tena hata mara moja, na hakuna sentensi iliyokuwa ngumu kwa sababu hiyo. Katika kifungu kidogo cha (3) nimeacha "-m-" katika "atamkabidhi", kwa kuwa nomino yake inafuata papo hapo na haiwezi kukosewa. Sikusudii kufukuza viambishi vya nafsi, jambo ambalo haliwezekani katika Kiswahili. Ninachotaka ni kwamba kila kiambishi kiwe na mtu mmoja tu wa kumrejelea.

Tazama pia kifungu kidogo cha (5). Ili kukiandika ilibidi niamue gharama zitoke kwa nani, na nikaamua zitoke kwa msimamizi. Mwingine angeamua zitoke katika mali ya marehemu, na angekuwa na sababu zake, kwa mfano pale ambapo msimamizi hana kitu au amecheleweshwa na benki. Huo si uamuzi wa mtafsiri. Ni wa Bunge. Lakini "mali yake" ilikuwa imelificha swali hilo, na pengine kila aliyekisoma kifungu alidhani limekwisha kujibiwa. Mtafsiri anayeliona aliandike pembeni na kulirudisha kwa walioandika sheria, asilijibu kimyakimya.

Namna ya kupima

Kuna kipimo kinachoweza kufanywa na mwanafunzi yeyote kwa kalamu na karatasi. Pigia mstari kila kiambishi cha nafsi na kila "-ake" katika kifungu. Kisha uwape watu majina, na majina yote yawe ya jinsia moja: marehemu ni Amina, mwenzi ni Mariamu, msimamizi ni Zainabu. Katika sheria ya ndoa yetu wenzi hao hawatakuwapo, lakini kipimo ni cha sentensi, si cha ndoa. Kusudi lake ni kuondoa msaada wa desturi. Msomaji anayejua kwamba Juma ni mume na Mariamu ni mke ataitatua sentensi mbovu bila kujua kuwa ameitatua, kwa kuwa ana mazoea ya kumpa mwanamume nyumba. Akiwa na majina matatu ya kike, mazoea hayo hayana pa kushika. Lililobaki ni sarufi.

Mpe mwenzako kifungu hicho umuulize kila ulipopiga mstari: huyu ni nani? Akijibu mara moja, na wa pili akijibu vilevile, acha. Mmoja akisita, au wawili wakitofautiana, rudisha nomino hapo. Kipimo hiki kinatuzuia pia kurudia nomino mahali ambapo hapana haja, maana kifungu kinachosema "mwenzi" mara tatu katika mstari mmoja nacho huchosha.

Pingamizi

Ninajua kuna pingamizi mbili dhidi ya haya. Ya kwanza ni kwamba mahakama haisomi neno moja peke yake. Husoma kifungu chote, kusudi la sheria na vifungu jirani, na hivyo utata mwingi huisha. Ni kweli. Lakini msomaji wa kwanza wa sheria ya mirathi si hakimu. Ni mzee wa ukoo, mwenyekiti wa LC na ndugu waliokaa chini ya mti siku chache baada ya mazishi. Uamuzi wao ndio unaotekelezwa kwanza. Mtu akikwisha kutolewa nyumbani, tafsiri sahihi ya mahakama huja ikiwa imechelewa, kama itakuja.

Pingamizi ya pili ni kwamba mahali pengine jinsia inahitajika. Hilo nalo nalikubali. Kifungu kinachohusu likizo ya uzazi ya mama au mtoto aliye tumboni baba anapofariki kinamhusu mwanamke mjamzito, na kumwita "mtu" huko ni kuficha jambo ambalo sheria inapaswa kulitaja. Mwandishi ajiulize kwanza kama jinsia ni sehemu ya haki au wajibu unaoelezwa. Ikiwa ni sehemu yake, aseme "mwanamke" au "mwanamume" bila haya. Ikiwa si sehemu yake, aiondoe, kisha ajenge upya utambulisho ulioondoka nayo.

Hitimisho

Mwaka 2005 Uganda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili katika Katiba yake, na mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kutafsiri vifungu kutoka Kiingereza itatufikia sisi tulio madarasani leo. Watakaoifanya wakiamini kuwa lugha yetu haina tatizo la jinsia wataandika "nyumba yake" na kwenda kifungu kinachofuata wakiwa na dhamiri safi. Ninawaomba wasimame hapo kwanza, waandike jina la mwenye nyumba.